Mombasa hadi Athi River: jinsi ya kusoma aina tatu za miamba barabarani, na namna ya kuandika daftari lako la fildi kwa Kiswahili

Ule mchoro wa duara wenye mishale, magma inakuwa mwamba wa moto, mwamba wa moto unakuwa mashapo, mashapo yanakuwa mwamba geu, alafu yote yanarudi kuyeyuka, karibu kila mwanafunzi anaweza kuuchora usiku wa kuamkia mtihani. Shida inaanza ukimpeleka kando ya barabara ukampa jiwe mkononi. Kwa hivyo hapa nitafanya kinyume, tutaacha mchoro na kufuata barabara moja, ile ya Mombasa kwenda Nairobi, manake ndani ya kama kilomita 450 unapata familia zote tatu na zimepangika vizuri sana. Tutamfuata chembe mmoja wa mchanga. Ukimwelewa huyo, duara utalichora mwenyewe, na utaona pia ni wapi lile duara la kitabuni linadanganya kidogo.

Majina kwanza tuelewane. Igniasi nitaita miamba ya moto, ile iliyoganda kutoka kwa magma au lava. Sedimentari ni miamba ya mashapo, yaani vitu vilivyotuama, mchanga, tope, makombe, alafu vikashikana. Metamofiki ni miamba geu, mwamba wowote uliopikwa na kukandamizwa chini kabisa ukabadilika ukiwa bado mgumu, haukuyeyuka. Hilo la mwisho lishike sana, manake ukiyeyuka tu unakuwa magma na umehama familia.

Hatua ya kwanza: begi

Nyundo, lenzi ya kukuza mara 10, kisu cha chuma, kichupa cha asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 chenye kidondoshi, miwani ya kukinga macho unapogonga, daftari lenye jalada gumu na penseli. Penseli, sio kalamu, jasho la Voi linafuta wino. Kama huna asidi chukua siki, lakini hapo ukwaruze jiwe upate unga kwanza alafu udondoshe kwenye unga, la sivyo huoni kitu. Lenzi usiishike mbali kama mtu anayesoma gazeti, iweke karibu kabisa na jicho alafu ulete jiwe mpaka lionekane wazi, na usimame jua likuangazie jiwe sio uso. Na kwa sababu hii ni barabara ya malori, jaketi la kuakisi mwanga ni lazima, na usisimame kwenye kona.

Hatua ya pili: anza na jiwe lenye matundu

Anzia Mombasa, chini ya Fort Jesus upande wa bahari, maji yakiwa yametoka. Ngome yenyewe ilijengwa 1593 mpaka 1596 juu ya mwamba wa matumbawe. Usigonge chochote hapo, angalia tu, kama unataka kipande okota kilichoanguka ufukweni mahali pengine.

Jiwe hili lina matundu kila mahali, na hapa ndo kosa la kwanza hutokea. Niliwahi kuwa na kijana mmoja kwenye kikundi chetu aliyeandika kwa ujasiri kabisa, "lava, ina matundu ya gesi." Sikumsahihisha, nilimwambia ahifadhi kipande chake mpaka tufike Kibwezi. Wewe pia fanya hivyo, weka kipande kwenye begi.

Kwa sasa dondosha asidi tone moja kwenye kipande hicho. Linachemka hapo hapo, povu jeupe, unasikia mpaka sauti. Hiyo ni chokaa, kalisi kaboneti, na kisu kinaikwaruza bila taabu. Sasa lenzi. Utaona ndani ya matundu kuna mipangilio, vijinyota, vijibomba vilivyosimama sambamba, pengine na kipande cha kombe. Hayo ni makazi ya wadudu wa matumbawe walioishi hapa kama miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu mita kadhaa kuliko leo. Kwa hivyo ni mwamba wa mashapo, ila haukuletwa na mto, umejengwa na viumbe pale pale. Andika.

Hatua ya tatu: panda juu, na ujue unarudi nyuma kwenye wakati

Ukitoka kisiwani kuelekea bara matabaka yamelala yakiinamia bahari kidogo kidogo, kwa hivyo kadiri unavyopanda ndivyo unavyokanyaga tabaka la chini zaidi, la zamani zaidi. Pale Miritini ni mawe ya tope ya wakati wa Jurasiki, laini, yanabanduka kama kurasa. Tuyapite haraka. Mazeras ndo tunasimama kidogo.

Mazeras kila Mkenya anaijua hata kama hajawahi kufika, manake mawe bapa yanayotandazwa kwenye kiwanja cha nyumba watu wanayaita mazeras tu. Ni mawe mchanga. Kwenye mkato wa barabara tafuta mistari iliyolala mshazari ndani ya tabaka lililolala sawa, kama vigae vilivyoegemeana. Hiyo ni mchanga uliokuwa ukisukumwa na maji ya mto, na upande ambao mistari inateremkia ndo upande maji yalikuwa yakienda. Kuna sehemu za hapa wameokota miti iliyogeuka jiwe. Mto, msitu, mchanga, yote kabla Bahari ya Hindi haijafunguka hapa.

Endelea Mariakani, mchanga unakuwa laini zaidi na matabaka membamba, mengine yana mawimbi madogo yaliyoganda juu yake kama ufuo asubuhi. Alafu Maji ya Chumvi, Samburu, mpaka Taru.

Taru ndo pahali pangu pa kupenda kwenye safari nzima, na ndipo ninapotaka ukae nusu saa nzima na jiwe moja. Vunja upate uso mpya. Punje ni kubwa, nyingine kama mchele, na ukipitisha kidole zinakwaruza. Sasa lenzi. Utaona punje za aina mbili kubwa. Moja ni kama kioo chenye ukungu, haina uso bapa, imevunjika ovyo, kisu hakiikwaruzi bali kisu ndo kinaacha alama ya chuma juu yake. Hiyo ni kwatsi. Nyingine ni ya pinki au nyeupe maziwa, na ukizungusha jiwe juani inametameta kama kioo kidogo kwa sababu ina uso bapa. Hiyo ni feldispa.

Na feldispa ndo shahidi wetu. Haidumu. Kwenye hali ya joto na mvua nyingi inaoza inakuwa udongo wa mfinyanzi, na ikisafiri mbali mtoni inasagika. Kwatsi inavumilia yote hayo. Kwa hivyo ukikuta mwamba wa mchanga umejaa feldispa, tena yenye kona kali haikuviringika, unajua mambo mawili bila kuulizia mtu: ilitoka karibu, na ilizikwa haraka. Huu mchanga ulituama karibu miaka milioni 300 iliyopita, ardhi ilikuwa ikipasuka na kudidimia, milima ikiwa pembeni inamwaga changarawe kwenye bonde. Milima gani? Tuendelee.

Hivi ndivyo nilivyoandika kituo hiki kwenye daftari langu, nimenakili vile kilivyo:

Kituo 5. Taru, mkato wa kushoto ukitoka Mombasa. Mwamba: jiwe mchanga, rangi ya kijivu-pinki, ukivunja ni nyepesi zaidi. Punje milimita 1 mpaka 4, kona kali, zimechanganyika kubwa na ndogo. Kwatsi kama nusu, feldispa zaidi ya robo, ulanga kidogo. Asidi: kimya. Matabaka sentimita 40 mpaka 90, yanainama kidogo sana kuelekea mashariki. Naona: punje hazijaviringika. Nadhani: chanzo karibu, magharibi. Kuthibitisha: nitafute feldispa ya pinki hii hii Voi.

Angalia hapo mwisho nimetenganisha ninachoona na ninachodhani. Hii ndo kanuni pekee ya daftari ambayo sitakubali uivunje. Ukiandika "mto wa zamani" bila kuandika ulichoona, baadaye ukigundua umekosea huna pa kurudi, umebaki na wazo bila jiwe. Na vipimo viwe vya rula, "punje kubwa" ni kubwa kwa nani?

Hatua ya nne: Voi, na mtego wa asidi

Baada ya Mackinnon Road mashapo yanaisha. Ukifika Voi na vilima vyake upo juu ya miamba geu, ule mkanda mrefu unaoitwa Mkanda wa Msumbiji unaopita Afrika Mashariki yote. Mwamba mkuu ni naisi. Utaijua kwa mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, inapinda na kukunjana kama unga wa chapati uliokunjwa.

Swali linalokuja kila mara, tutatofautishaje mistari hii na matabaka ya Mariakani, si yote ni mistari? Jibu liko ndani ya mstari, sio kwenye mstari. Weka lenzi. Mariakani unaona punje, kila moja na mpaka wake, katikati kuna gundi iliyozishika. Naisi haina punje na gundi, ina fuwele zilizofumana, moja inaingia mwilini mwa nyingine kama mkeka, hakuna nafasi. Na zile nyeusi, ulanga na honiblendi, zote zimelala upande mmoja, kwa sababu zilikua huku zikikandamizwa. Pengine utaona vidoti vyekundu vya mviringo, ganeti, hiyo haikuja na mto, imezaliwa humo humo. Halijoto ilizidi nyuzi 600 na mwamba ulikuwa kina cha kilomita kama 20 au zaidi, kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, mabara yalipogongana.

Sasa mtego. Msichana mmoja makini sana alidondosha asidi kwenye naisi ya Voi, ikachemka. Akaandika marumaru. Alikuwa na haki ya kufikiri hivyo, marumaru ya kweli ipo Taita na inachemka. Lakini nilimwomba avunje jiwe katikati adondoshe tena ndani. Kimya. Kilichochemka ni ukoko mweupe wa nje, chokaa inayobaki nchi kavu maji ya mvua yakipanda juu na kukauka, na eneo lote la Tsavo limejaa ukoko huo. Kwa hivyo asidi ni kwenye uso mpya, kila mara, bila kujali umechoka vipi. Na kwenye jiwe mchanga angalia vizuri ni punje zinazochemka au ni gundi katikati yake, manake gundi ikiwa ya chokaa bado jiwe ni mchanga.

Ukimaliza hapo rudi kwenye kile nilichoandika Taru. Tafuta feldispa ya pinki. Ipo, kwenye ile mistari myeupe, pamoja na kwatsi. Weka kipande cha Taru kando ya cha Voi kwenye kiganja kimoja. Hapo ndo unaona mzunguko wa miamba kwa macho yako, sio mshale wa kitabuni: miamba kama hii ya magharibi ilivunjika, mto ukachukua, bonde la Taru likapokea.

Alafu nenda hatua moja nyuma zaidi. Naisi yenyewe ilikuwa nini kabla? Sio zote zina jibu moja, nyingine zilikuwa graniti. Lakini upande wa Taita kuna marumaru, na kuna naisi yenye grafaiti, ile nyeusi inayopaka vidole kama risasi ya penseli. Marumaru ni chokaa iliyopikwa. Grafaiti kwenye miamba ya namna hii ni kaboni, mabaki ya viumbe wa kale waliozikwa kwenye tope. Chokaa na tope pamoja, hiyo ni sakafu ya bahari. Yaani mashapo, yakawa mwamba geu, yakawa mashapo tena pale Taru, na hatujaona lava hata moja. Kwa hivyo usikubali duara linalokulazimisha upite kwenye magma kila mzunguko, njia za mkato zipo na ndizo zinazotumika zaidi.

Hatua ya tano: Kibwezi, toa lile tumbawe begini

Baada ya Mtito Andei milima ya Chyulu iko kushoto, vilima vya volkano vya juzi juzi kwa hesabu za jiolojia. Lava yake imeteremka mpaka maeneo ya Kibwezi. Ile maarufu inayoitwa Shetani iko ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, ina miaka mia chache tu, ukienda huko lipa kiingilio na nyundo ibaki garini.

Okota kipande cha basalti nje ya hifadhi. Kina matundu. Toa tumbawe la Mombasa uviweke pamoja. Basalti ni nzito na nyeusi, asidi kimya, kisu kinateleza. Matundu yake ni mviringo, kuta laini kama ndani ya kikombe, hayana mpangilio wowote ndani, na mara nyingi yamevutika upande mmoja, upande lava ilikokuwa ikitiririka. Ni gesi. Ikiwa chini sana imebanwa ndani ya magma kama soda chupa ikiwa imefungwa, ikipanda mgandamizo unapungua inatoka mapovu, lava inaganda kabla mapovu hayajatoroka. Yule kijana wa Fort Jesus aliangalia viwili vyake dakika nzima kisha akachukua ufutio. Nikamwambia hapana, piga mstari mmoja tu juu, acha kosa lisomeke, andika tarehe na sababu pembeni.

Kama tundu la basalti lina kitu cheupe ndani na kinachemka, usishtuke. Maji yamepita baadaye yakaacha chokaa. Kitu kilichojaza tundu sio mwamba wenyewe.

Hapa pia lile duara la kitabuni linahitaji kurekebishwa. Linasema mwamba geu unayeyuka unakuwa magma. Kweli inatokea, na kwenye naisi zingine utaona mishipa myeupe ya graniti inayojinyonganyonga, hapo mwamba ulianza kuyeyuka ukaishia njiani. Lakini basalti ya Chyulu sio naisi ya Voi iliyoyeyuka. Naisi ikiyeyuka inatoa kitu chenye silika nyingi, ile dutu inayounda kwatsi, cheupe, kizito kutiririka. Basalti imetoka chini ya ganda la dunia, kwenye tabaka linaloitwa vazi. Ni mali mpya inayoingia kwenye mzunguko, haikuwepo kwenye duara lako kabisa. Ukichora, weka mshale unaoingia kutoka chini.

Hatua ya sita: Athi, na mpaka wa mwisho

Tambarare za Kapiti na Athi chini yake kuna fonolaiti, lava ya zamani zaidi, kama miaka milioni 13. Fonolaiti ya Kapiti ni rahisi kuitambua, msingi mweusi laini usioonekana punje, na ndani yake fuwele nyeupe kubwa, nyingine sentimita kadhaa. Wanafunzi wengi wanasema ni mashapo, "mawe madogo ndani ya tope." Angalia kingo za zile nyeupe. Zina pande zilizonyooka, maumbo ya mstatili, hazikuviringika. Zilianza kukua taratibu magma ikiwa bado chini, kisha kila kitu kikatapikwa nje na kilichobaki kikaganda haraka, hakikupata muda wa kukua. Mpishi aliyebadilisha moto katikati.

Mawe ya Ndarugu yanayojengewa nyumba Nairobi nayo utayakuta njiani kwenye malori. Ni tufu, majivu ya volkano. Yalitoka kwa moto lakini yakatua kama mashapo, kwa hivyo usikae kugombana, andika "tufu, majivu yaliyotuama na kushikana," maelezo yawe sahihi, familia itajadiliwa jioni.

Kituo cha mwisho tafuta mahali fonolaiti inakaa moja kwa moja juu ya naisi. Ukingo wa tambarare za Kapiti unakupa nafasi hiyo, na Yatta pia, ule ubao mrefu wa lava wa karibu kilomita 300 unaouona upande wa kulia ukitoka Voi, umekaa juu ya naisi. Weka kidole kwenye mpaka. Juu, miaka milioni 13, iliganda juani. Chini, zaidi ya milioni 500, ilipikwa kilomita 20 ardhini. Lava ilipomwagika ilikuta naisi tayari iko juu, kwa hivyo kilomita 20 za mwamba uliokuwa juu yake zilikuwa zimeshaondoka. Zilienda wapi? Sehemu yake unayo begini, imeandikwa Kituo 5.

Na haijasimama. Mto Athi unaanzia nyanda za huku juu, unapita kando ya Yatta, ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, mbele unaitwa Sabaki, unaingia baharini kaskazini ya Malindi, na mvua zikinyesha bahari pale inakuwa kahawia. Chukua mchanga wa mdomo wa Sabaki, uoshe, uweke chini ya lenzi, na uandike kituo cha 9 kwa utaratibu ule ule: kwatsi kiasi gani, feldispa kiasi gani, vipande vyeusi vya lava vipo au havipo, kona kali au zimeviringika. Alafu linganisha na Taru.